Pesa ya mtu usiyemjua: uirudishe mwenyewe au uache irudi njia iliyojia?

"Jana jioni iliingia M-PESA ya 4,500 kutoka kwa mtu nisiyemjua. Hazikupita dakika kumi, akanipigia akilia, akaomba nimrudishie kwa laini ya dadake kwa kuwa yake ina shida. Mke wangu anasema nitume tu, kukaa na jasho la mtu ni dhambi. Kaka yangu anasema nisiguse hata shilingi. Nimsikilize nani?"

Mkeo na kakako hawabishani kuhusu pesa ni ya nani. Wote wanajua si yako. Wanachobishania ni njia ya kuirudisha, na hapo kila mmoja ameona kitu ambacho mwenzake hakukiona.

Nianze na mkeo, kwa sababu upande wake hupuuzwa haraka siku hizi na watu waliochoshwa na matapeli. Kukosea namba ni jambo la kweli, na hutokea kila siku. Safaricom ina Hakikisha, ile hatua ya kukuonyesha jina la anayepokea kabla pesa haijatoka, na bado watu hukosea. Wengi huwa wameshabonyeza kabla hawajalisoma jina. Wengine hutuma kwa namba waliyoihifadhi miaka mingi, bila kujua kwamba mwenyewe aliiacha, laini ikalala, kisha ikauzwa upya kwa mtu mwingine. Huenda laini unayotumia wewe ilikuwa ya mjomba wa mtu huko nyuma.

Mimi mwenyewe nimewahi kukosea tarakimu moja nikituma 3,200 za dawa za mama. Nilimpigia aliyepokea mara sita. Mara ya kwanza aliitikia "haloo", nikajieleza, akakata, na simu ikazimwa. Nilipofika kwa kampuni, pesa ilikuwa imeshatolewa na sikupata kitu. Kwa hiyo mkeo anaposema mtu asiachwe akihangaika, najua anaongea kuhusu nini. Anayekosea kwa kweli anashindana na saa, kwa sababu kampuni inaweza kuirudisha pesa ikiwa ingali kwenye akaunti ya aliyepokea. Ikishatolewa kwa wakala au kulipia kitu dukani, hakuna kinachobaki cha kurudisha.

Sasa kakako. Hofu yake haitokani na uchoyo. Inatokana na jinsi mtandao wa pesa unavyofanya kazi. Aliyekosea anatakiwa apeleke ule ujumbe wa muamala kwa namba 456 ya Safaricom ili aombe urudishwe. Ombi lake linahusu muamala mmoja tu, wenye ule msimbo wa herufi na tarakimu mwanzoni mwa ujumbe. Wewe ukituma 4,500 kwa mkono wako, umeanzisha muamala mwingine wenye msimbo wake. Mtandao hauoni undugu wowote kati ya hiyo miwili.

Tuhesabu. Tuseme ulikuwa na 8,000 zako, zikaingia 4,500, salio likawa 12,500. Ukatuma 4,500 kwa laini ya "dada", ukabaki na 8,000 kasoro ada ya kutuma. Wakati huohuo yule mtu ameshapeleka ombi kwa 456. Kampuni ikilikubali, inaondoa 4,500 nyingine kwako, na unabaki na kama 3,500. Yeye amelipwa mara mbili. Ukilalamika utaambiwa ule muamala wa pili uliufanya mwenyewe, kwa namba yako ya siri, na utakuwa umeambiwa kweli.

Na hilo linaweza kutokea hata kama anayepiga simu ni mkweli. Mtu aliyeshikwa na wasiwasi hupeleka ombi kwa kampuni, kisha hukupigia. Wewe na kampuni mnarudisha, kila mmoja bila kujua kuhusu mwenzake. Hapo utategemea uungwana wake.

Kinachonifanya niegemee upande wa kakako katika kisa chako hasa ni ile laini ya dada. Kuna hali tatu ambazo mtu hukuomba urudishe kwa namba tofauti na iliyotuma. Ya kwanza ni kwamba kweli laini yake ina shida. Sikatai, lakini laini iliyoweza kutuma dakika kumi zilizopita kwa kawaida inaweza kupokea. Ya pili ni huo ujanja wa kulipwa mara mbili. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi: simu imeibwa, mwizi anaijua namba ya siri, naye anahamisha pesa ya mwenyewe kupitia kwako ili iishie kwenye laini isiyofuatika kirahisi. Mwenye simu akienda polisi na taarifa ya akaunti yake, jina la kwanza litakaloonekana ni lako. Deni nalo litakuwa halijaisha, maana pesa uliyompa asiye mwenyewe haijamrudia mwenyewe.

Ipo pia sura ya nne ambayo watu hawaitazamii. Pesa inaweza kuwa mkopo uliochukuliwa kwa jina lako. Mtu mwenye nambari yako ya kitambulisho anaomba mkopo kwenye programu ya simu, unaingia kwako, kisha anapiga akidai amekosea. Ukimtumia, yeye anatokomea na wewe unabaki na deni. Kwa hiyo kabla ya yote tazama nani ametajwa kuwa mtumaji. Likiwa ni jina la kampuni ya mikopo na anayekupigia ni mtu binafsi, usimpe chochote. Wasiliana na kampuni yenyewe.

Kwa kuwa umesema "iliingia", nakuuliza: uliionaje? Ujumbe wa kweli huja kutoka kwa jina MPESA, katika mfululizo uleule ambao jumbe zako nyingine za M-PESA zimo. Ukija kutoka kwa namba ya kawaida, ni maandishi ya mtu. Hata ukiridhika na jina, usiuamini ujumbe, amini salio. Piga *334# au fungua programu uangalie mwenyewe. Ujumbe wa uongo nao hutaja "New M-PESA balance", lakini mwandishi wake hajui ulikuwa na ngapi, kwa hiyo hesabu haikubaliani na yako. Tanzania ujanja huu una dada yake maarufu, ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ambao hauhitaji hata kuingiza senti kwako. Huko namba za matapeli huripotiwa kwa 15040, na kwa wateja wa Safaricom ni 333.

Kuna wanaouliza kama kukataa kutuma si kosa la jinai. Swali ni zuri, kwa sababu Kenya ina sheria inayogusa jambo hili moja kwa moja. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, ya mwaka 2018, kinamlenga anayeficha au kuzuia kwa makusudi ujumbe au malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kwa makosa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Tanzania nayo, Sheria ya Mikataba inamtaka aliyelipwa kwa makosa arudishe.

Zingatia hayo maneno "kwa makusudi". Yule aliyepokea 3,200 zangu akazima simu alikuwa anaficha. Wewe ukiiacha pesa mahali ilipo, ukapokea simu, ukaitaarifu kampuni kupitia 100 na kuwaambia unakubali irudishwe, sioni umeficha nini. Lakini sikubaliani na kakako akimaanisha kwamba "usiguse" ni sawa na "nyamaza". Pesa iliyolala kwako bila neno lolote, huku mwenyewe anapiga na hupokei, haina tofauti kubwa machoni pake na pesa iliyoliwa.

Tena usidhani haiguswi kwa sababu wewe hujaigusa. Kama una deni la Fuliza, ule mkopo wa benki kupitia M-PESA, pesa yoyote inayoingia hukatwa kwanza kulipia deni hilo. Tuseme ulikuwa unadaiwa 1,800. Zile 4,500 ziliingia, 1,800 zikaondoka papo hapo, na sasa una 2,700. Kampuni ikija kurudisha, haikuti kiasi kamili. Hapa nimesikia watu wema kabisa wakijitetea kwamba hawakutumia chochote, mashine ndiyo iliyokata. Naelewa uchungu wao, hasa kwa mtu ambaye mwezi umemkaba, na ni kweli hakuchagua. Lakini deni lililolipwa lilikuwa lake, kwa pesa ya mtu mwingine. Jana alidaiwa na benki, leo anadaiwa na mtu. Ningemwambia yule mtu ukweli huo, kampuni irudishe zilizopo, halafu 1,800 nizitafute kwa siku tutakayokubaliana. Sioni kwamba analazimika kukopa upya usiku huohuo na kulipia ada juu yake. Tarehe inayojulikana inatosha.

Je, hakuna wakati ambao mkeo angekuwa na haki kabisa? Upo. Kama ni jirani au mtu wa ukoo mliyehifadhiana namba, umemsikia sauti ukamtambua, pesa inarudi kwa laini ileile, na amekuhakikishia kwamba hakupeleka ombi lolote kwa 456, basi mtumie. Kumzungusha mtu kama huyo ni kumtesa. Ila hapo anayekulinda ni ujirani wenu, na mtu usiyemjua huna hilo naye.

Kwa benki mambo ni mazito kidogo lakini njia ni ileile: iandikie benki yako kwamba pesa si yako, usitoe, usimhamishie mtu aliyekupigia, acha benki yake na yako zizungumze. Itachukua siku zaidi.

Turudi kwa yule aliyekupigia akilia. Akipiga tena, pokea. Mwambie hivi: "Pesa imeingia na sijaitumia. Kama ni yako, peleka ule ujumbe kwa 456 sasa hivi, na mimi napigia 100 kuwaambia nakubali irudi. Laini ya dada sitatuma." Kisha piga kweli, palepale, na uandike saa uliyopiga. Usiipunguze akaunti yako chini ya 4,500 mpaka ujumbe wa kurudishwa uingie, hata kama kesho ni siku ya kodi ya nyumba. Anayetaka chake kirudi atauliza 456 inafanywaje, na unaweza kumwelekeza polepole maana huenda amechanganyikiwa. Anayetaka kingine ataanza kukuharakisha, atakutajia hospitali, kisha polisi, na laini ya dada haitamtoka mdomoni.