Jina la picha: ukurasa au kitu chenyewe?

"Kaka, nina PDF ya ripoti ya uvuvi, kurasa 38. Nataka picha zote zitoke kwa amri moja, ubora usipotee, na kila picha ibebe namba ya ukurasa wake. Inawezekana?"

Inawezekana. Kwenye Ubuntu au Debian, zana inayohitajika imo katika kifurushi cha `poppler-utils`, na amri ni hii:

```
pdfimages -all -p ripoti.pdf picha
```

Chaguo la `-all` ndilo linalolinda ubora, kwa sababu picha iliyohifadhiwa kama JPEG hutolewa jinsi ilivyo bila kubanwa upya. Ukiliacha, zana huifungua na kuiandika kama PPM, na picha ya pikseli 1600 kwa 1200 iliyokuwa na kilobaiti mia chache huvimba hadi karibu megabaiti 6 bila kupata ubora wowote wa ziada. Chaguo la `-p` ndilo linaloongeza namba ya ukurasa. Mvutano unaanzia hapo.

Ripoti hiyo ililetwa kwenye flashi katika stesheneri moja ya Kirumba, Mwanza, na kijana aliyetaka picha za kubandika kwenye ubao wa matangazo wa mwalo wa samaki. Kabla ya kutoa chochote tuliomba orodha:

```
pdfimages -list ripoti.pdf
```

Orodha ilikuwa na mistari 96, ilhali kwa macho tulihesabu picha 20 tu. Jibu lilikuwa kwenye safu ya `object`, ambako namba 9 ilijirudia kwa kila ukurasa. Ilikuwa nembo ya kichwa cha ukurasa, na kila ilipotokea ilifuatwa na mstari wa aina ya `smask`, yaani kivuli cheusi na cheupe kinachoeleza sehemu zipi za nembo zionekane na zipi zisionekane. Mara 38 kwa vitu viwili ni 76, na zilizobaki ni picha 20.

Wanaopinga kuzipa picha majina kwa kurasa hushika hoja hapo, nao hawakosei. Zana hii huipitia hati ukurasa kwa ukurasa, kwa hiyo picha inayotumika mara nyingi hutolewa mara nyingi. Wao hupendelea amri nyingine:

```
mutool extract ripoti.pdf
```

Hii hutaja picha kwa namba ya kitu ndani ya faili, kila moja mara moja tu. Kwetu ingetoa picha 21, zikiwamo nembo na kivuli chake, pamoja na mafaili ya fonti ambayo hakuna aliyeyaomba. Picha ya dagaa walioanikwa, iliyokuwa ukurasa wa 7 na tena wa 31, ingetoka moja. Kwa mtu anayejenga maktaba ya picha, huo ndio unadhifu.

Lakini `image-0057.jpg` haimwambii kijana wetu lolote. Alihitaji maelezo yaliyo chini ya kila picha, nayo yamo kwenye ukurasa. Jina `picha-014-033.jpg`, la sangara juu ya mizani, lilimpeleka moja kwa moja kwenye sentensi aliyoitafuta. Kwa maoni yangu, kwa kazi inayorudi kwenye maandishi, jina la ukurasa linashinda, na marudio ni gharama inayolipika kwa kufuta mafaili yanayofanana, ambayo amri hii huyaorodhesha:

```
md5sum picha-* | sort | uniq -w32 -D
```

Futa nembo, lakini usifute dagaa wa ukurasa wa 31 kwa pupa, maana ukimfuta unapoteza habari kwamba alikuwa huko pia.

Namba zenyewe nazo zisomwe kwa uangalifu. Ile 014 ni ukurasa wa kumi na nne wa faili. Kwenye karatasi sangara yule alikuwa ukurasa wa 10, kwa kuwa jalada na yaliyomo vilikula kurasa nne. Ile 033 ni hesabu inayoanzia 000 na kuendelea hadi mwisho wa hati, haianzi upya kila ukurasa. Ukitoa ukurasa huo peke yake kwa `-f 14 -l 14`, hesabu inarudi sifuri na sangara yuleyule anakuwa `picha-014-002.jpg`. Kwa hiyo toa hati nzima mara moja, ndipo majina yalingane na orodha.

Grafu ya mavuno ya ukurasa wa 22 haikutoka kwa njia yoyote kati ya hizo mbili. Ilichorwa kwa mistari, haikuwa picha ya pikseli, hivyo ukurasa wake ulibidi uchorwe mzima:

```
pdftoppm -r 300 -f 22 -l 22 -png ripoti.pdf grafu
```

Kinyume chake, picha ambayo kingo zake zimefichwa tu kwenye ukurasa hutoka nzima. Katika mojawapo alionekana mvuvi pembeni ambaye ripoti ilikuwa imemficha; hiyo tuliikata upya kabla ya kuichapa.