Tangazo la unga wa mlonge: useme nini, uache nini

"Wakinikataza kusema unga wangu unatibu presha, nitauzaje? Wenzangu wenye spika pale paki ya taksi wanataja magonjwa 40 na hakuna anayewagusa." Hivyo ndivyo alivyouliza mama mmoja anayeuza mitishamba Kampala.

Haki anayo, tena zaidi ya wanavyokubali watu wa ofisini. Sheria ya dawa ya Uganda ya mwaka 1993, iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa (NDA), haiangalii pakiti tu, inaangalia pia kile unachosema pakiti hiyo inafanya. Unga uleule wa majani ya mlonge, ambao wengi hapa huuita moringa, ni chakula ukiuzwa wa kukorogea uji. Ukisema unatibu kisukari, umeufanya dawa, na dawa ina mlango wake, ada zake na ushahidi wake. Majaribio ya tiba kwa binadamu yanagharimu pesa ambazo mwuzaji wa pakiti za gramu 250 hatazipata maishani. Matokeo yake, mwenye hofu ya sheria ananyamaza na asiye na hofu anabaki na spika. Mteja anayesikiliza pale paki anamsikia mwongo peke yake.

Hata hivyo, siamini kwamba ukweli hauuzi. Naamini wauzaji wengi hawajaufanyia hesabu. Lichukue tangazo la mama huyu kama alivyotaka lisomwe redioni:

"Unga wa mlonge, asili asilimia 100, hauna madhara! Una vitamini C mara 7 ya chungwa, kalsiamu mara 17 ya maziwa, chuma mara 25 ya spinachi! Unatibu presha, kisukari na upungufu wa damu. Umethibitishwa na NDA!"

Watu wengi wangekimbilia kufuta neno "unatibu" na kuweka "unasaidia", wakadhani kazi imeisha. Mimi ningeanza na zile namba, kwa sababu ndizo zinazoonekana safi kuliko yote.

Kalsiamu mara 17 haikutungwa. Gramu 100 za unga mkavu huwa na takriban miligramu 2,000 za kalsiamu, na gramu 100 za maziwa zina kama 120. Gawanya, utapata karibu 17. Tatizo ni kwamba hakuna anayekula gramu 100 za unga wa mlonge. Mtu anaweka kijiko kimoja cha chakula kwenye uji, yaani kama gramu 8, ambazo zina miligramu 160 hivi. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina kama 300. Kwa hiyo kijiko kinakaribia nusu glasi. Namba ni ya kweli, lakini picha inayobaki kichwani mwa msikilizaji ni ya uongo, maana kitu kilichokaushwa kimelinganishwa na kitu ambacho karibu chote ni maji. Miongozo ya Codeksi, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, kuhusu madai ya lishe inataka ulinganishe vyakula vinavyofanana, na sababu ni hii hasa.

Vitamini C ni mbaya zaidi. Ile mara 7 ilipimwa kwenye majani mabichi. Vitamini C haivumilii joto wala kukaushwa, na kwenye unga hubaki kidogo sana, chini ya ile ya chungwa. Hapa tangazo limeazima sifa ya jani lililo mtini na kuibandika kwenye unga ulio dukani. Na spinachi, kusema kweli, inatafuta nini kwenye tangazo la Kampala? Wateja wake wanakula dodo, yaani mchicha.

Chuma ndicho kinachonitisha. Unga una takriban miligramu 28 kwa gramu 100, hivyo kijiko kina kama miligramu 2, na sehemu kubwa ya hizo mwili hauinyonyi, kwa sababu majani yana viambata vinavyoshikilia chuma. Kidonge cha chuma anachopewa mama mjamzito kliniki huwa na miligramu 60. Ili kufika hapo kwa unga angehitaji vijiko vipatavyo 27 kwa siku. Mama anayesikia "unatibu upungufu wa damu" akaacha vidonge vinavyomtia kichefuchefu amebadilisha 60 kwa 2, na hatajua mpaka siku ya kujifungua, pale damu inapotoka na akiba haipo.

Turudi kwenye "unasaidia". Wanaotetea neno hili wana hoja: linaacha nafasi, halimwahidi mtu kupona, na wakaguzi hulivumilia zaidi. Lakini angalia kilichotokea kwa Covidex. Mwezi Juni 2021, katikati ya wimbi kali la korona, NDA ilikubali dawa hiyo ya mitishamba, iliyobuniwa na Profesa Patrick Ogwang wa Chuo Kikuu cha Mbarara, itumike kama tiba saidizi katika maambukizi ya virusi. Mamlaka ikaeleza wazi kwamba haikuikubali kama dawa ya kuponya korona. Mtaani, neno "saidizi" halikuishi hata wiki. Watu walinunua "dawa ya korona", na bei ikapanda kwa jina hilo. Neno laini linamkinga mwuzaji mbele ya mkaguzi. Mnunuzi mwenye hofu halimkingi, kwa sababu yeye anasikia jina la ugonjwa na kitenzi kinampita.

Ndiyo maana sioni kwamba mpaka uko kati ya "kutibu" na "kusaidia". Mpaka ninaouona uko kwenye ugonjwa wenyewe: je, mgonjwa anaweza kujua mwenyewe kwamba hapati nafuu? Choo kigumu kikilegea, mtu anajua. Mafua yakikaa, anajua, na asipopata nafuu ataenda kwingine. Kwa mambo kama hayo naona ni haki mwuzaji aseme mmea huu hutumiwa kienyeji kwa kusudi fulani, mradi aweke na kikomo hapohapo: kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu. Maarifa ya wazee si kitu cha kuficha, na tangu sheria ya tiba asili ya mwaka 2019 yanatambuliwa rasmi.

Presha haimo kwenye kundi hilo. Haiumi. Mtu anaweza kuacha vidonge, akanywa uji wa mlonge miezi mitatu akijisikia mzima kabisa, halafu akaanguka kwa kiharusi. Kisukari ni hivyohivyo, tena kina upande wa pili: tafiti chache na ndogo zinaashiria kwamba mlonge unaweza kushusha sukari kidogo, kwa hiyo mtu anayetumia insulini au vidonge vya sukari akiongeza unga mwingi anaweza kushuka kupita kiasi. Hapo ndipo "asili, hauna madhara" inapoanguka. Kitu chenye nguvu ya kubadilisha sukari kina nguvu ya kudhuru pia, na mwuzaji hawezi kudai ya kwanza akakana ya pili.

Na "umethibitishwa na NDA"? Kama bidhaa imepokelewa kama dawa ya mitishamba, andika namba yake na matumizi yaliyokubaliwa, kwa maneno yaleyale. Kama unga umepimwa kama chakula na Shirika la Viwango la UNBS, sema hivyo. Alama ya ubora inazungumzia usafi na viwango vya utengenezaji, haizungumzii presha ya mtu.

Ushuhuda nao ni mgumu, kwa sababu mara nyingi msemaji hadanganyi. Mtu hununua dawa siku maumivu yamezidi. Maradhi mengi, vidonda vya tumbo vikiwemo, hupanda na kushuka yenyewe, kwa hiyo baada ya siku mbaya kuliko zote kwa kawaida huja siku iliyo afadhali, awe amekunywa unga au maji. Wanaopata nafuu hupiga simu redioni, na wasiopata hununua kitu kingine kimyakimya. Ushuhuda unaoweza kusimama ni ule wa mambo ambayo mteja ni shahidi halali: ladha, jinsi unavyokorogeka, kwamba watoto wanaunywa, kwamba pakiti inafika haina ukungu.

Nimejaribu kuliandika upya tangazo lilelile:

"Kijiko kimoja cha unga wetu wa mlonge kina kalsiamu inayokaribia nusu glasi ya maziwa. Koroga kwenye uji ukishautoa motoni, au nyunyiza kwenye mchuzi wa dodo. Majani yamekaushwa kivulini, ndiyo maana unga ni wa kijani, si wa kahawia. Pakiti ya gramu 250 inatosha mtu mmoja mwezi mzima. Ni chakula cha kuongezea mlo. Kama unatumia dawa za presha au sukari, endelea nazo na umwambie daktari kabla ya kuanza, na mama mjamzito aulize kliniki kwanza."

Sharti la sentensi ya kwanza ni kupima unga wako mwenyewe, kwa sababu udongo, umri wa majani na ukaushaji hubadilisha namba. Chukua sampuli ya mzigo unaouza uipeleke maabara, kama ile ya UNBS kule Bweyogerere, kisha utumie jibu lako badala ya wastani niliouandika hapa. Majibu hayo yenyewe ni kivutio: yatundike dukani. Bei nayo igawanye kwa vijiko 31 vilivyomo kwenye pakiti, useme kwa siku ni shilingi ngapi. Mteja anayehesabu nauli ya bodaboda kila asubuhi anaielewa hesabu hiyo kuliko "mara 17".

Je, litauza sawa na la magonjwa 40? Mwezi wa kwanza, sidhani. Anayetafuta muujiza wa kisukari atapita moja kwa moja kwenda kwenye spika, na mwuzaji mwaminifu atamkosa. Hayo ni mauzo halisi unayoyapoteza, na wanaosema uaminifu hauna gharama hawajawahi kulipa pango Kikuubo, mtaa wa biashara wa Kampala. Unayempata badala yake ni mama wa nyumbani anayerudi kila mwezi, kwa sababu aliahidiwa uji na akapata uji. Yule wa muujiza hununua mara moja tu.

Liko jambo la mwisho, ambalo limewaponza hata waandishi makini: mtangazaji. Unampelekea maneno 70 hivi yaliyopimwa, naye akiwa hewani anaongeza "na presha nayo kwaheri!" kwa sababu anataka kipindi kichangamke. Msikilizaji na mkaguzi wote watayahesabu maneno hayo kuwa yako. Andika kwenye mkataba kwamba tangazo linasomwa kama lilivyo, pendelea lililorekodiwa kuliko la kusomwa moja kwa moja, na kama kuna kipindi cha simu, mpe mtangazaji jibu fupi la kumsomea anayeuliza kuhusu presha: "Huu ni unga wa kuongezea chakula, dawa zako usiziache." Kisha sikiliza vipindi vya wiki ya kwanza mwenyewe, maana hapo ndipo utakapojua kama analisoma tangazo lako au analipamba.