Chai inauzwa kwa mangi, laiki ziko Instagram: kumbukumbu ya chapa tuipime wapi?

Swali lililonifikia ni hili: "Tunatengeneza majani ya chai. Tunawauzia mawakala, wao wanauzia maduka ya jumla, mangi ananunua huko. Mnywaji hatumwoni. Je, tukifuatilia laiki, komenti na sheya tutajua kama watu wanaifahamu na kuikumbuka chapa yetu?"

Kwa sehemu ndogo tu. Laiki inapima zaidi posti kuliko chapa, na anayeibonyeza mara nyingi si yule ambaye kiwanda kinamtafuta. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema takwimu zote za mitandao zitupwe, kwa sababu mbadala uliopo kiwandani nao una kasoro zake.

Tuanze na huo mbadala. Wengi wakikosa mauzo ya dukani hukimbilia mauzo ya kwa mawakala. Wakala akipewa punguzo mwisho wa mwezi anajaza stoo. Kitabu cha kiwanda kinaonyesha mwezi mzuri, kisha mwezi unaofuata oda zinashuka kwa sababu mzigo bado umelala, ilhali vikombe vinavyonyweka majumbani ni vilevile. Ukiweka kampeni katikati ya mawimbi hayo hutajua kilichopandisha ni tangazo au ni punguzo. Mitandao, kwa upande wake, inatoa ishara siku hiyohiyo, na nyingine ni za thamani kweli. Mtu anayeandika chini ya posti "Tabora napata wapi?" anakuambia mambo mawili kwa mkupuo: jina lako analijua, na bidhaa haimfikii. Komenti za namna hiyo ningezihesabu peke yake, mji kwa mji, na kumpelekea msimamizi wa usambazaji kila wiki.

Tatizo linakuja tunapochukua jumla ya laiki na komenti na kuiita ufahamu wa chapa. Mwaka 2012 watafiti wa taasisi ya Ehrenberg-Bass ya Australia waliwachunguza mashabiki wa chapa kwenye Facebook, wakakuta wameelemea upande wa wanunuzi wakubwa, yaani watu ambao tayari wanainunua sana chapa hiyo. Chapa inayotaka kukua inahitaji sana wanunuzi wepesi, mtu anayenunua paketi yako mara mbili kwa mwaka na nyinginezo anachukua za mwenzako. Huyo hakufuati wala hana sababu ya kukukomentia. Mwaka huohuo Facebook yenyewe, ikishirikiana na kampuni ya Datalogix iliyokuwa na data za manunuzi ya madukani Marekani, ilitangaza kwamba 99% ya mauzo yaliyoletwa na kampeni walizozipima yalitoka kwa watu walioliona tangazo bila kubonyeza chochote. Facebook ni muuza matangazo na ina maslahi yake, lakini hapo ilikuwa inapunguza uzito wa kitufe chake yenyewe, na ndiyo maana naichukulia kwa uzito. Sisi hatuna Datalogix; mangi anaandika kwenye daftari, tena za mkopo tu. Ila funzo linatuhusu: mtu muhimu ni yule aliyeona akapita kimya. Kwa hiyo ukilazimishwa kuchagua namba moja kwenye dashibodi, chagua idadi ya watu tofauti waliofikiwa na wastani wa mara walizoliona tangazo. Haikuambii kama wamekumbuka, lakini asiyefikiwa hana cha kukumbuka.

Kuhesabu mara ambazo jina linatajwa nako kuna mitego, na kwetu mitego hiyo ni mikubwa. Fikiria wauza saruji wa Tanzania: kuna Simba, Twiga na Tembo. Ukiiambia programu ikuletee kila posti yenye neno "Simba", wiki ya mechi na Yanga utaletewa bahari ya kandanda na tone la saruji. Azam ni vivyo hivyo: juisi, unga, televisheni na timu ya mpira vinabeba jina moja. Programu nyingi zinazojaribu kusoma hisia za watu nazo zinakwama kwenye lugha yetu ya mtaani. Aliyeandika "hii chai ni hatari" kwa kusifu anaweza kuwekwa kundi la wanaolalamika. Shindano la "taja marafiki watatu ushinde simu" nalo linaleta maelfu ya komenti kutoka kwa watu wanaozunguka kurasa zote zinazotoa zawadi. Njia ya kuligundua ni rahisi: chukua majina ya waliokomenti, tazama wangapi walirudi kwenye posti inayofuata isiyo na zawadi. Na tangu X ilipofungiwa Tanzania Mei 2025, wengi wanaotumia VPN wanaweza kuonekana wako nchi nyingine, hivyo ramani ya "wafuasi wako wanatoka wapi" isomwe kwa tahadhari.

Mitandao yenyewe inauza kipimo cha kumbukumbu, na hapa watu wanachanganya vitu viwili. Kwenye Meta Ads Manager kuna safu iitwayo `Estimated ad recall lift (people)`. Hakuna mtu aliyeulizwa chochote kupata namba hiyo. Ni makadirio ya kompyuta ya watu wa ziada ambao huenda wangelikumbuka tangazo kama wangeulizwa ndani ya siku mbili. Inafaa kulinganisha tangazo moja na jingine ndani ya akaunti yako, na sioni ikifaa kupelekwa kwa mkurugenzi kama ushahidi. Kitu cha pili ni utafiti wa kweli wa Brand Lift: mtandao unagawa watu kwa bahati nasibu, kundi moja linaonyeshwa tangazo, jingine linazuiwa makusudi, kisha yote mawili yanaulizwa swali lilelile. Huo mgawanyo wa bahati nasibu ndio nguvu yake, kwa sababu tofauti kati ya makundi haiwezi kusingiziwa mapenzi ya awali. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi unauliza kama mtu anakumbuka kuliona tangazo la chapa iliyotajwa jina. Kukumbuka tangazo ukitajiwa jina, siku mbili baadaye, ni mbali na kulitamka jina hilo mwenyewe mbele ya mangi wiki tatu baadaye.

Ndiyo maana, kwa bidhaa kama chai, bado naamini lazima mtu aulizwe na mtu, nje ya mtandao. Mpangilio wa maswali ndio moyo wa kazi. Kwanza unauliza wazi: "Ukisikia majani ya chai, ni majina gani yanakujia?" Unaandika kwa mfuatano aliotaja, la kwanza lina uzito wa pekee. Baada ya hapo tu ndipo unamsomea orodha, na kwenye orodha hiyo uchomeke jina moja la kubuni ambalo halipo sokoni. Kama 8% wanasema wanalijua hilo la kubuni, basi umepata kipimo cha watu wanaoitikia ndiyo kwa adabu, na kama 40% wanasema wanalijua lako, isomwe hivyo. Mwisho unaonyesha picha ya tangazo lako ukiwa umeziba nembo na kuuliza ni la nani. Hapo ndipo maumivu hutokea: watu wanamkumbuka mchekeshaji na kichekesho chake, halafu wanalitaja jina la chapa kubwa sokoni. Kampeni kama hiyo inaweza kuwa na watazamaji wengi mno na kumlipia mshindani wako matangazo.

Usiwalinganishe waliosema wameliona tangazo na waliosema hawakuliona. Wapenzi wako ndio wanaolikumbuka tangazo lako, na tofauti itakuwa kubwa hata kama tangazo halikufanya lolote. Afadhali utumie miji miwili. Tuseme unatangaza Instagram kwa watu wa Mwanza, na Mbeya unaiacha. Kabla ya kampeni unahoji watu 400 kila mji, wote wawe wametumia mtandao huo ndani ya wiki iliyopita. Ukihoji kila mtu wakati theluthi moja tu ndio wako Instagram, ongezeko la pointi 9 kwa hao litaonekana kama pointi 3 kwa mji mzima, na utadhani umefeli. Baada ya kampeni unahoji wengine 400 kila mji.

Tuseme waliolitaja jina bila kudokezwa wametoka 22% hadi 31% Mwanza, na 21% hadi 24% Mbeya. Mwanza imepanda pointi 9, lakini Mbeya nayo imepanda 3 bila tangazo, hivyo za kampeni ni 6. Wengi wangesherehekea hapo. Ukikokotoa kosa la sampuli kwa makundi yote manne, unapata takribani pointi 8 juu na chini. Yaani jibu la kweli liko popote kati ya kupungua pointi 2 na kuongezeka pointi 14, na sifuri imo humo. Ili kosa lishuke hadi pointi 4 unahitaji sampuli mara nne, watu 1,600 kwa kila kundi. Hata hapo, kama mshindani alipeleka gari la promosheni Mbeya wiki hizohizo, hesabu yako imeharibika, kwa hiyo mtu wa mauzo wa kila mji aandike kinachotokea mitaani kipindi chote.

Kuna wanaopendekeza njia rahisi zaidi: sehemu yako ya utafutaji kwenye Google, yaani kati ya utafutaji wote wa majina ya chapa za aina yako, asilimia ngapi ni wa jina lako. Mtaalamu wa matangazo wa Uingereza, Les Binet, aliipa umaarufu mwaka 2020 kwa kuonyesha kwamba inakwenda sambamba na sehemu ya soko, kwa mfano kwenye magari na simu. Huko ningeifuata bila wasiwasi. Kwa chai, hakuna anayegugo paketi kabla ya kutoka nyumbani, na kwa jina dogo Google Trends itakurudishia sifuri nyingi.

Sasa watu 6,400 wa kuhojiwa ni gharama ambayo kiwanda kidogo hakiwezi, na pale ambapo utafiti ungekula zaidi ya kampeni yenyewe nashauri usifanyike. Kuna kipimo cha bei nafuu ambacho nakipenda kuliko dashibodi yoyote: simama kwa mangi. Mteja akifika akasema "nipe majani ya chai", hana chapa kichwani, na mangi ndiye anayeamua. Akitaja jina, hiyo ni kumbukumbu isiyodokezwa, tena ya mtu mwenye hela mkononi. Hesabu wanaotaja jina kati ya wote walioomba chai, na andika ni jina gani. Chagua maduka kadhaa Mwanza na kadhaa Mbeya, nenda saa zilezile, siku zilezile za wiki na kipindi kilekile cha mwezi, maana hela ya mwisho wa mwezi inabadilisha anachoagiza mtu. Fanya kabla ya tangazo, rudia baada yake. Wateja wa kila siku wasihesabiwe kama wasiotaja jina: mangi anawajua, anawapa paketi yao kabla hawajafungua mdomo. Muulize yeye ni ipi, na uwaandike kwenye safu yao.