Wastani wa 44.5: programu mbili, gredi mbili

"Kaka, mimi na mwenzangu hapa chuo Tanga tumepewa asaimenti moja, programu ya kutoa wastani wa majaribio ya mwanafunzi wa sekondari na kuandika gredi. Kwenye mifano yote ya mwalimu programu zetu zinatoa majibu yaleyale, yeye kapewa 10 mimi 7. Si kitu kimoja hizi?"

Hapana mdogo wangu, ila hizo 3 ulizokatwa nazo zina maneno. Nimezisoma zote mbili, zinaachana mstari mmoja tu, na hapo `w` ni wastani:

```python
maksi = round(w)       # yako
maksi = int(w + 0.5)   # ya mwenzako
```

`round` ya Python 3 ikikuta nusu kamili inakwenda kwenye namba shufwa iliyo jirani, kwahiyo 44.5 inakuwa 44 na 45.5 inakuwa 46. Ya mwenzako nusu inapanda tu, 44.5 inakuwa 45. Sasa angalia gredi za kidato cha nne, C inaanzia 45, B 65, A 75. Mtoto mwenye 44 na 45 wastani wake ni 44.5, kwako anatoka na D kwa mwenzako C, na mwenye 74.5 wewe unampa B yeye anampa A. Mpaka wa D tu ndo umenusurika, maana 29.5 zote zinasema 30.

Mbona mifano haikuonyesha? Kwasababu yote ilikuwa na majaribio matatu, na jumla ya namba nzima ukigawa kwa 3 haitoi nusu hata siku moja, inatoa kamili au .33 au .67 basi, hata mngepewa mifano mia mngefanana tu. Weka majaribio mawili uone, kila jumla ikiwa witiri unapata nusu.

Kuna mtu atasema ya mwenzako nayo mbovu, mpe -2.7 inatoa -2 badala ya -3. Kweli kabisa, ila maksi gani hizo za hasi jamani, hiyo haihesabiki hapa.

Upande wako sasa. Swali linasema "kadiria hadi namba nzima iliyo karibu zaidi", na 44.5 iko mbali sawasawa na 44 na 45, kwahiyo kwa maandishi yale hujakosea. Mwalimu atajibu kwamba hesabu za shuleni kwetu nusu inapanda, na programu ni ya shule. Hapo namuelewa, mimi mwenyewe ningechagua ya mwenzako maana mzazi wa mtoto wa 44.5 humwelezi habari za shufwa akakuelewa. Lakini kukata 3 kwa sharti ambalo hakuliandika wala kulipima kwenye mifano yake, hapo kakuonea. Nenda na hiyo 44 na 45, ziendeshe zote mbili mbele yake, halafu muulize swali lake lilitaka ipi.