Saa 45 za Arusha na pensheni ya Marekani

“Nilichangia Marekani miaka yote ile. Nimerudi Arusha, nimepata kazi ya uhasibu kwenye kampuni ya utalii, wakazuia pensheni yangu. Huu si wizi?”

Si wizi, ingawa uchungu wake nauelewa. Huko Marekani, aliyezaliwa 1960 au baadaye hupata pensheni kamili akifika miaka 67. Akianza kuchukua mapema huku anafanya kazi, kuna kikomo. Akiwa kulekule, kikomo ni cha mapato: mwaka 2026 ni dola 24,480, na kwa kila dola 2 zinazozidi hapo anakatwa 1. Lakini akiajiriwa Arusha na kampuni ya Kitanzania isiyopeleka mchango Marekani, hakuna anayeuliza mshahara. Zinahesabiwa saa. Zikizidi 45 kwa mwezi, pensheni ya mwezi huo haitoki, hata kama kalipwa laki tatu. Mwenza anayelipwa kupitia rekodi ya michango ya mfanyakazi huyo naye hukosa.

Kipimo hicho ni kikali, sikatai. Siku sita za saa nane tayari zimekivuka. Utetezi wake mkubwa ni kwamba saa ni rahisi kukagua kuliko mapato ya shilingi yaliyoko ng'ambo.

Ila wanaolalamika huishia hapo, na jambo la maana zaidi hutokea baadaye. Chukua mtu ambaye pensheni yake kamili ingekuwa dola 1,500. Ameanza kuchukua akiwa na miaka 63, miezi 48 kabla ya wakati, kwa hiyo imepunguzwa asilimia 25 na kubaki 1,125. Akafanya kazi muda wote kwa miaka miwili. Miezi 24 imezuiliwa, yaani dola 27,000. Akifika 67, hesabu inapigwa upya kana kwamba alianza miezi 24 tu kabla ya wakati, na pensheni inapanda hadi 1,300. Nyongeza ya dola 175 kila mwezi, maisha yake yote. Ukiacha marekebisho ya mfumuko wa bei, zile 27,000 zinarudi baada ya takriban miezi 154, akikaribia miaka 80. Akiishi zaidi ya hapo, amefaidika. Akifariki mapema, hakuzipata zote, na hapo ndipo lawama ina haki yake.

Baada ya 67 kikomo hakipo tena. Afanye kazi atakavyo.

Kinachoumiza watu kweli ni kuficha kazi. Ikigundulika, malipo yaliyokwisha kutoka hugeuka deni, na huweza kuongezwa adhabu. Anayetaka kubaki chini ya kikomo asikadirie kwa wiki: saa 5 kila Jumatatu na Jumanne zinaonekana salama, lakini mwezi wenye Jumatatu tano na Jumanne tano unafika saa 50. Amwombe mwajiri daftari la mahudhurio, alijumlishe kabla mwezi haujaisha.