Wapendanao si vipande viwili vya doti moja

Kazi yangu ni kupiga picha za wachumba na wanandoa jijini Dar es Salaam, na jambo linalonilazimu kujadiliana na wateja wapya kuliko mengine yote ni sare. Wengi hufika wakiwa wamevaa kitenge kimoja, mwanamke gauni na mwanamume shati, nao huwa wamekilipia na kukisubiri kwa fundi kwa wiki mbili au tatu. Si rahisi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba nguo aliyoitolea jasho itamwangusha mbele ya kamera.

Chanzo cha sare hizi nakifahamu, kwa kuwa kinaanzia dukani. Kitenge kwa kawaida huuzwa kwa kipande cha yadi 6, yaani takriban mita 5 na nusu. Gauni refu hula kama yadi 4, na yadi 2 zinazobaki zinamtosha mwanamume wa umbo la wastani kwa shati la mikono mifupi. Fundi akishapiga hesabu hiyo husema, "Dada, hiki kinawatosha wewe na shemeji," na hakuna anayependa kuona kitambaa kizuri kikilala kabatini. Kwa hiyo sare nyingi ninazoziona zimeamuliwa na mabaki ya kitambaa, wala si na watu watakaozivaa.

Sina ugomvi na sare ukumbini, ambako ndugu 30 wa upande mmoja huvaa kitambaa kimoja ili wajulikane ni wa nani. Picha ya watu wawili haina haja hiyo, maana anayeitazama anajua tayari kwamba wako pamoja. Inachohitaji ni mpaka kati ya mwili mmoja na mwingine. Bibi harusi mtarajiwa akimwegemea mwenzake kifuani, maua ya gauni huingia katika maua ya shati, jicho lisijue bega la nani limeishia wapi, na kinachobaki ni vichwa viwili vilivyochomoza juu ya kitambaa kimoja kipana.

Mfano ninaopenda kuwapa ni kanga. Ukiikunjua utaona pindo likizunguka pande zote nne na mji ukiwa katikati. Mchoro wa pindo si mchoro wa mji, na mara nyingi hata rangi iliyotawala huku si ile iliyotawala kule, lakini ipo rangi moja au mbili zinazotoka kwenye pindo na kuingia mjini, na hizo ndizo zinazoifanya kanga ionekane ni nguo moja. Doti ni habari nyingine: ni vipande viwili visivyotofautiana hata kidogo. Wawili wanaokuja kwangu ningependa wawe kama pindo na mji.

Nieleze jinsi inavyofanyika. Wachumba fulani walitaka picha ya kadi ya harusi, na gauni lilikuwa limekwisha kushonwa kwa kitenge cha rangi ya damu ya mzee, chenye maua makubwa ya haradali na vistari vyembamba vya rangi ya maziwa. Yadi 2 za shati zilikuwa bado kwa fundi, hazijakatwa, nikawaomba wazisimamishe. Tulilitandaza gauni mezani karibu na dirisha, nikawauliza ni rangi ipi iliyo chache kuliko zote. Ilikuwa ile ya maziwa, na nikapendekeza shati la bwana liwe la rangi hiyo, tupu, bila mchoro.

Bwana mwenyewe alitaka haradali, kwa sababu ndiyo iliyompendeza. Nilimkatalia kwa sababu mbili. Rangi kali isiyo na mchoro, ikitandazwa kwenye kifua kipana, huvuta jicho kabla ya uso. Pili, nguo hurusha rangi yake juu ya ngozi iliyo karibu nayo, na mchumba wake angeegemea kifua hicho akiwa na shavu la manjano. Kijani kikali ni kibaya zaidi, kwani humfanya mtu aonekane kama ametoka wodini.

Akasema nyumbani analo shati la damu ya mzee, akalileta siku iliyofuata. Nililiweka juu ya gauni, nikapiga picha kwa simu, kisha nikaigeuza iwe nyeusi na nyeupe. Shati na gauni vilitoka kijivu kilekile, huwezi kuona pindo la shati limepita wapi. Jaribio hili ni la dakika moja na mtu yeyote anaweza kulifanya kitandani kwake kabla usiku haujaingia: nguo mbili zikilingana kwa kiza na mwanga baada ya rangi kuondolewa, zitamezana pia mtakapokumbatiana, hata kama kwa macho zilionekana tofauti. Shati la rangi ya maziwa lilijitenga mara moja.

Kikwazo kilichofuata sikukitarajia. Siku ya picha bwana alifika na shati jeupe pe, akidhani nyeupe ni nyeupe. Vitambaa vingi vyeupe na sabuni nyingi za unga vina dawa ya kung'arisha, ambayo juani hukipa kitambaa mng'ao wa samawati. Kando yake, vile vistari vya maziwa vya gauni vilionekana kama havijafuliwa. Naliona jambo hilohilo kwa wale wanaovaa kanzu nyeupe kando ya lesi ya rangi ya maziwa, na aibu humwangukia aliyevaa lesi ingawa hana kosa. Weupe wa aina mbili ulinganishwe nje, mchana, kwani taa ya chumbani huuficha. Tuliahirisha hadi Jumamosi.

Suruali ilikuwa ya kahawia iliyokolea na viatu vya ngozi, na hapa sikukubali mzaha. Rangi zinaweza kuafikiana huku nguo zenyewe zikiwa zinakwenda shughuli mbili tofauti: gauni la kuburuza na viatu virefu upande mmoja, jinzi na raba upande wa pili. Watu wa namna hiyo huonekana kama wamekutana kwa bahati kituoni. Ninaona ni afadhali rangi zikose kidogo kuliko hadhi ya nguo ikose.

Tulipigia Kaole, Bagamoyo, ambako kuta za magofu ni za mawe ya matumbawe yenye kijivu kilichochakaa. Damu ya mzee ilisimama vizuri mbele yake, na rangi ya maziwa pia. Kaki ingepotea.

Kuhusu zile yadi 2, fundi alitoa kilemba cha bibi, na ukanda wa upana wa vidole viwili aliouweka kwenye mdomo wa mfuko wa shati. Alitaka kuuweka kwenye kola na vikunjo vya mikono vilevile, nikamwomba aishie mfukoni. Kadi zilipotoka, mama mkwe alimpigia bibi harusi simu kumuuliza kwa upole kama kitenge hakikutosha, na kama ni suala la fedha kwa nini hawakumwambia mapema.