Kusafisha HTML ya kihariri: mlangoni au mezani?

"Maandishi ya kihariri tunayahifadhi kama HTML. Tuyasafishe mtumiaji anapobonyeza Hifadhi, au tuyaweke yalivyo halafu tuyasafishe wakati wa kuyaonyesha?"

Kwa miaka kadhaa nilisafisha wakati wa kuhifadhi na sikuona cha kubishania. Makala huandikwa mara moja na kusomwa mara nyingi, basi kazi nzito ifanyike mara moja. Faida kubwa zaidi ni kwamba hifadhidata inabaki safi. Anayekuja kesho kutengeneza programu ya simu, barua pepe ya muhtasari au faili la PDF anachota kilichomo bila kuhitaji kujua kwamba ndani yake kungeweza kuwa na sumu, yaani skripti iliyopenyezwa na mshambuliaji.

Hoja hiyo ni nzito, na wanaoipuuza mara nyingi hawajawahi kutunza mfumo wenye sehemu kumi za kuonyesha. Ila inategemea jambo moja ambalo halitamkwi: kwamba kilichokuwa safi siku ya kuhifadhi kitaendelea kuwa safi.

Kusafisha kunakostahili jina hilo kunakwenda hivi. HTML inasomwa na kichanganuzi na kugeuzwa mti. Msafishaji anaupitia mti tawi kwa tawi akiwa na orodha ya ruhusa, tuseme `p`, `br`, `strong`, `em`, `ul`, `ol`, `li`, `blockquote` na `a`. Kwa `a` anabakiza sifa ya `href` pekee, tena ikiwa inaanza na `https`, `http` au `mailto`. Kisichomo kwenye orodha kinatolewa, kisha mti unaandikwa upya kuwa maandishi. Hakuna kutafuta maneno mabaya. Mwaka 2005 MySpace ilikuwa ikitafuta maneno mabaya, likiwemo "javascript". Samy Kamkar alilikata neno hilo katikati kwa kuruka mstari, kichujio hakikuliona, kivinjari kikaliunganisha, na ndani ya siku moja zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamemwongeza kuwa rafiki bila kupenda. Mchezo huo haujafa: `href="java&#10;script:..."` bado unafanya kazi leo, maana kivinjari kinapoisoma anwani kinaondoa mikato ya mistari iliyomo.

Sasa utazame mfano huu, ambao hauna neno lolote la kutafutwa:

```html
<noscript><p title="</noscript><img src=x onerror=alert(1)>">
```

Chukulia kwamba orodha yako inaruhusu `noscript` na sifa ya `title`. Msafishaji anaisoma HTML hii mahali ambapo skripti zimezimwa, na ndivyo inavyopaswa, kwa sababu hataki chochote kiamke mikononi mwake. Skripti zikiwa zimezimwa, yaliyomo ndani ya `noscript` husomwa kama HTML ya kawaida. Anaona aya moja yenye `title`, na thamani ya `title` ni maandishi tu, hata kama yana alama za ajabu. Anaipitisha.

Ikifika kwenye ukurasa wa msomaji, skripti zimewashwa. Hapo kanuni inageuka: yaliyomo ndani ya `noscript` ni maandishi ghafi hadi itakapoonekana `</noscript>` ya kwanza. Na ya kwanza ndiyo ile iliyokuwa imefichwa ndani ya `title`. Kivinjari kinaufunga mlango pale, na `img` iliyobaki nje inakuwa tagi hai. Picha haipatikani, `onerror` inafyatuka. Hakuna aliyeibadilisha hata herufi moja, ila wasomaji wawili wameisoma kwa kanuni mbili tofauti. Mtafiti wa usalama Masato Kinugawa alionyesha mbinu ya namna hii dhidi ya utafutaji wa Google, na ikarekebishwa mwaka 2019. Mwaka uliofuata Michał Bentkowski alipata mwanya wa ukoo huohuo kwenye DOMPurify, pengine maktaba inayoaminika kuliko zote kwa kazi hii, akitumia tagi za MathML. DOMPurify ilirekebishwa, toleo jipya likatoka.

Swali langu kwa kambi ya kuhifadhi linaanzia hapo. Umesasisha maktaba leo asubuhi. Makala zilizoingia mwaka jana zilipitishwa na maktaba ya mwaka jana, na kama mmoja aliutumia mwanya ule, mstari wake umekaa kwenye jedwali ukiwa na muhuri wa "safi". Sasisho limefunga mlango wakati mgeni yuko ndani. Hata mabadiliko mazuri ya vivinjari hayakusaidii: tangu 2025 vivinjari vimeanza kugeuza `<` na `>` zilizo ndani ya sifa vinapouandika mti kuwa maandishi, jambo linaloua hila ile ya `noscript`, lakini linafaa kwa kinachoandikwa sasa, si kwa kilichokwisha kuandikwa.

Kuna hasara nyingine isiyo ya usalama, nayo huuma zaidi kwa sababu hutokea kila mara. Ukisafisha wakati wa kuhifadhi, kilichotupwa kimetupwa. Mwaka wa kwanza hamkuruhusu majedwali. Mwaka wa pili mnayaruhusu, na waandishi wanauliza kwa nini ripoti zao za zamani ni rundo la namba zisizo na safu. Huna la kuwajibu.

Basi tuhamie kambi ya pili? Polepole. Kusafisha wakati wa kuonyesha kunatumia kanuni za leo kila siku, na hapo kunashinda. Kunakoanguka ni kwenye kumbukumbu za binadamu. Kila anayeonyesha lazima akumbuke, na mmoja akisahau, ghafi inafika kwa msomaji. Nilifanya kazi kwenye mfumo mmoja ambao ukurasa wa makala ulisafisha vizuri kabisa, ukurasa wa kuchapa kwenye karatasi ulisafisha vizuri, na ukurasa wa wasimamizi, uliotengenezwa haraka kwa matumizi ya ndani, haukusafisha kitu. Aliyekuwa akiufungua ni mtu mwenye mamlaka kuliko wote. Hatukudhuriwa, lakini tuligundua kwa bahati: mtu alibandika maandishi kutoka programu ya kuandikia, yakaja na mitindo yake, na skrini nzima ya msimamizi ikabadilika rangi. Kama mitindo ilipita, skripti nayo ingepita.

Ajabu ni kwamba hata kihariri ni mahali pa kuonyesha. Watu wengi hukihesabu kama mlango wa kuingilia tu. Msimamizi anapobonyeza Hariri kwenye makala ya mtu mwingine, HTML ya yule mtu inapakiwa kwenye kivinjari cha msimamizi. Ikiwa inapakiwa ghafi, kwa kuipachika moja kwa moja kwenye ukurasa, umemfikishia mshambuliaji barua yake hadi mezani.

Na wapo wanaosafisha kwenye kihariri chenyewe, kabla ya kutuma. Hiyo ni huduma kwa mwandishi, haimzuii mshambuliaji. Seva haiwezi kujua kama ombi limetoka kwenye kihariri kama Quill au TinyMCE au limeandikwa kwa mkono na `curl`. Kusafisha ndani ya kivinjari cha *msomaji* ni jambo tofauti kabisa na ni halali, kwa kuwa mshambuliaji hakimiliki kivinjari hicho. Wengi huvichanganya viwili hivi na kuhitimisha kwamba DOMPurify upande wa mteja haina maana. Swali ni mteja yupi.

Kosa moja halijali umejiunga na kambi ipi: kuigusa HTML baada ya kuisafisha. Mfano wa kila siku ni muhtasari. Mtu anachukua HTML safi na kuikata kwenye herufi ya 200. Ikitokea kisu kimeangukia katikati ya kiungo, kinachobaki kinaishia hivi:

```html
<p>Soma zaidi kwenye <a href="https://mfano.exam
```

Alama ya kunukuu imefunguliwa haikufungwa, kwa hiyo kivinjari kinameza kila kinachofuata kuwa sehemu ya anwani hadi kikutane na nukuu nyingine. Nukuu hiyo inaweza kuwa ndani ya muhtasari wa pili, ulioandikwa na mtu mwingine, ambaye sasa maneno yake yanasomwa kama sifa za tagi. Dalili yake ni rahisi kuitambua: orodha ya makala inakatika ghafla na nusu ya ukurasa inageuka kiungo kimoja. Watu huiona kama kasoro ya mpangilio na kuirekebisha kwa CSS. Dawa ni kutoa maandishi matupu kwanza, kuyakata, kisha kuyaonyesha kama maandishi, au kukata halafu kusafisha. Msafishaji awe wa mwisho kuigusa.

Msimamo wangu wa sasa unaegemea kambi ya pili, lakini kwa kuiba jambo moja la kambi ya kwanza. Ninaweka safu mbili: `mwili_asili`, alichotuma mtumiaji, na `mwili_safi`, matokeo ya kusafisha, pamoja na namba ya toleo la kanuni zilizotumika. Kurasa zote za kuonyesha zinasoma `mwili_safi`, kwa hiyo gharama inalipwa mara moja kama walivyotaka wale wa kuhifadhi. Nikisasisha maktaba au kubadili orodha ya ruhusa, naongeza namba ya toleo na kazi ya nyuma inazitafuta zilizochelewa:

```sql
SELECT id FROM makala WHERE toleo_la_kanuni < 7;
```

Kila inayopatikana inasafishwa upya kutoka asili, si kutoka safi ya zamani. Sasisho la dharura likitoka, najua ni mistari mingapi imebaki na ninaiona ikipungua hadi sifuri.

Pingamizi la haki ni kwamba sasa nimeweka sumu makusudi kwenye hifadhidata. Ni kweli. Ninachofanya ni kumnyima anayeonyesha uwezo wa kuigusa: PostgreSQL inakuruhusu kutoa ruhusa ya kusoma safu kwa safu, hivyo akaunti inayotumiwa na kurasa haina `SELECT` kwenye `mwili_asili`. Mwenzangu akisahau, anapata kosa la ruhusa badala ya kupata tatizo la usalama. Kihariri nacho kinapewa `mwili_safi`, jambo linalomaanisha kwamba mtu akihariri makala na kuhifadhi, asili mpya ni ile iliyokwisha kupunguzwa. Hilo linanikera kidogo. Nikitaka majedwali ya zamani yasipotee, inabidi nitunze pia historia ya matoleo, na kwa mfumo mdogo wenye waandishi watatu wanaoaminiana sidhani gharama hiyo inalipa. Kwa huo ningesafisha wakati wa kuhifadhi, nikaandika toleo la kanuni kando ya kila mstari, nikaweka `script-src 'self'` kwenye CSP, kanuni zinazokiambia kivinjari ni skripti zipi zinaruhusiwa, ili hata `onerror` iliyoponyoka isifyatuke, na siku ya sasisho ningeyapitisha yote tena kwenye msafishaji mpya.